Namba ya Mgongoni mwa Kirikuu

Watu wa Karatu wakitaka kunikera huniuliza kama ni mimi niliyechora mbwa nyuma ya kirikuu ya Mama Penina. Yule alikuwa simba. Nimechora simba thelathini na saba katika wilaya hii, kwenye milango ya hoteli, kwenye kuta za mabucha, hata kwenye kabati la vyombo la padri mmoja, na hakuna simba wangu aliyewahi kulalamika. Wanaolalamika ni binadamu. Lakini habari hii si ya simba, ni ya Bernadina, mama yake Penina, mwanamke aliyenifanya nione aibu, nicheke na nijifunze kazi upya nikiwa na miaka hamsini na nne, yote hayo ndani ya wiki saba.

Bernadina ni mtoto wa Kansay. Alilelewa kwenye mahindi, maharage na ng'ombe watatu, akaja mjini akiwa msichana, akapata kazi jikoni kwenye loji moja. Akakata vitunguu miaka kumi na mmoja. Ni mfupi, ana sauti ya kwaya, na akicheka hujishika mbavu kana kwamba zitaanguka. Mwaka jana akaacha kazi. Aliona kwamba madereva wa watalii wanaoshuka kreta kila asubuhi lazima wabebe chakula cha mchana kwenye boksi, na kwamba maboksi ya loji yana kipande cha kuku kidogo kuliko kidole gumba. Akaamua atapika yeye, kuku wa kueleweka, yai, chapati, ndizi nyekundu ya Mto wa Mbu, na atampelekea dereva mpaka mlangoni kabla jua halijachomoza. Akanunua kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, kenye boksi la bati mgongoni na milango miwili nyuma. Mlimani hakapandi ila kwa gia ya pili.

Mumewe, Hilary, anaendesha trekta kwenye shamba la kahawa Oldeani. Ni mtu mwema, ila mtu aliyezoea trekta akiona kirikuu anaona debe. Alimwambia mkewe kwamba atavumilia hadi Nane Nane. Siku hiyo ikifika na simu haijapigwa na mteja hata mmoja ambaye si ndugu, si jirani, wala si mtu wa kanisani, kirikuu itauzwa, watanunua mashine ya kulimia shamba la Kansay, na mkewe atarudi kukata vitunguu vya watu. Bernadina alikubali huku akicheka.

Basi mwezi wa sita akaniletea gari. Alisema neno moja tu la maana, nami sikulisikia. Alisema, "Fundi, nataka aliye nyuma yangu aipate namba."

Mimi nikasikia kwamba anataka gari lipendeze. Hapo ndipo ulipo ugonjwa wetu sote, wachoraji na wenye magari. Kwetu huku mgongo wa gari ni mahali pa usemi. Mtu anaweza kusahau kuandika gari linafanya kazi gani, lakini usemi hasahau, na usemi ndio unaopewa nafasi ya juu, herufi kubwa, rangi ya bei mbaya. Nikamuuliza anataka usemi gani. Macho yakamng'aa, hata yeye akasahau namba. Tukakaa kwenye benchi langu nusu saa nzima tukishindana kwa semi, hadi akatoa mwenyewe: MWENYE HARAKA APITE. Tukacheka mpaka jirani yangu wa cherehani akaja kuuliza kuna nini.

Nikachora siku mbili. Mandhari ya kijani kama msitu wa kreta. Juu kabisa usemi, njano, herufi za urefu wa kiganja na vidole. Katikati simba. Chini ya simba, jina la biashara. Na chini ya jina, karibu na bampa, namba ya simu: nyekundu juu ya kijani, mwandiko wa kulala wenye mikia, urefu wa sentimita nne, na kivuli cheusi nilichojivunia sana. Komeo la mlango lilipita katikati ya tarakimu ya sita. Nikaona hilo dogo. Tukasimama hatua mbili nyuma ya gari, limeoshwa, jua linaliwakia, tukaisoma namba kwa sauti pamoja kama watoto wa darasa la kwanza. Ikasomeka vizuri. Bernadina akanipa mkono na kuondoka akipiga honi mpaka kona ya soko.

Wiki sita zikapita. Kirikuu ikawa maarufu kuliko mbunge. Kituo cha mafuta walimsalimia, "Mwenye Haraka, habari za leo?" Kila siku ya tatu alikuwa akishuka Mto wa Mbu kufuata ndizi na kupanda alasiri akiwa na mzigo, na ule mlima mnaujua, kona juu ya kona, mstari mzima katikati ya lami, hapiti mtu. Nyuma yake yalijipanga malandkruza ya watalii sita, saba, yote yakisoma kwamba mwenye haraka apite, na hakuna mwenye pa kupitia. Nilisimuliwa hayo nikafurahi. Nilijiona msanii.

Simu haikuita. Alipiga mama yake. Alipiga Hilary, kuuliza kama imeita. Mwishoni mwa mwezi wa saba Bernadina akaja kibandani kwangu, akaketi kwenye ndoo ya rangi, na safari hii hakucheka. Alisema watu wote wanamjua mgongo na hakuna anayemjua namba, kwamba zimebaki siku tisa, na kwamba jana Hilary alileta mnunuzi akazunguka gari akipiga matairi mateke. Nilikasirika. Nikamwambia namba ipo, nimeiandika kwa mkono wangu, kama watu hawasomi ni kosa la shule. Akasema vizuri, basi nikaisome mwenyewe nikiwa nyuma yake mlimani.

Nilikuwa na rafiki, Supeet, dereva wa watalii, mzaliwa wa Malambo, ambaye niliwahi kumwandikia milango ya gari lake. Alikuwa hajawahi kuonana na Bernadina. Siku iliyofuata alikuwa anarudi Karatu bila wageni, nikampigia simu anipakie Mto wa Mbu. Tukamkuta Bernadina kwenye kona ya kwanza, tukajipanga nyuma yake, bila gari jingine kati yetu. Asubuhi alikuwa ametoka Oldeani, na barabara ile imempaka nyuma vumbi jekundu kuanzia bampa hadi kiunoni mwa simba.

Nikanyoosha kidole. Nikaisoma namba, tarakimu zote kumi, bila kusita, kisha nikamtazama Supeet kama mwalimu mkuu.

Supeet hakunitazama, macho yake yalikuwa kwenye kona. Akauliza taratibu, "Mzee, umesoma au umekumbuka?"

Nikaangalia tena. Mbele yangu kulikuwa na usemi wa njano unaosomeka hadi Babati, kisha mnyama, kisha tope kavu. Pale nilipokuwa nimeonyesha kwa kidole hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimeisoma namba kutoka kichwani mwangu, kama nilivyoisoma siku ile kwenye hatua mbili, mimi na mwenye nayo, watu wawili pekee duniani ambao hawakuhitaji kuisoma. Nilisikia masikio yakipata moto. Nikamwomba Supeet asogee karibu. Akasema yeye ni dereva, si kunguni, na kwamba mlimani anakaa mbali na gari la mbele hatua ishirini hivi, kwenye vumbi hamsini, na muda anaoweza kuondoa macho barabarani ni pumzi mbili. Akaongeza kwamba hili gari huliona kila wiki na siku zote alidhani ni la mahubiri. Na yule mbwa ni wa nini?

Baada ya kona nne, Supeet akanihurumia, akaniambia jambo ambalo nalinukuu mpaka leo kwa wateja kana kwamba nimelibuni mimi.

"Kwetu ng'ombe anapigwa chapa ubavuni," alisema. "Alama moja, kubwa. Ukiwa ng'ambo ya bonde unajua ni wa nani. Hatumwandikii ng'ombe habari za ukoo mzima."

Kesho yake nikafunga kibanda, nikamwita Bernadina uwanja wa mpira, nikamwalika na Supeet. Nilikuwa nimekata tarakimu za karatasi za urefu mbalimbali: sentimita nne, nane, kumi na mbili, ishirini. Nyeusi juu ya ubao mweupe, nyekundu juu ya kijani, nyembamba na nene, za kulala na za kusimama wima. Bernadina akapewa masharti: ageuke mgongo, nikisema sasa ageukie ubao, aangalie kwa pumzi mbili, ageuke tena, ataje alichoona.

Akarudi nyuma hatua themanini, akageuka, akaangalia, akaitaja namba yake yote sawasawa huku akiruka kama ndama. Supeet naye akapiga makofi.

Nikamwambia asogee. Akasogea, akasogea, na alipofika hatua kumi akasimama, mikono kichwani. Ubaoni nilikuwa nimeweka namba ambayo si yake hata kidogo. Akaangua kicheko, akaketi kwenye majani, Supeet naye akaketi, na mimi nikasimama pale na ubao wangu nikicheka mpaka machozi, kwa sababu nilikuwa nimelipa kisasi na kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Kuanzia hapo tulibandika namba za uongo tupu, na kila mara tukizibadilisha.

Tulifanya hivyo kutwa nzima, kama wehu. Nyekundu juu ya kijani ilikuwa ya kwanza kufa. Kwa mbali rangi hizo mbili huwa na giza lilelile, jicho halijui moja inaishia wapi. Za kulala zenye mikia zikafuata, tatu ikawa nane, sita ikawa nane, kila kitu kikawa nane. Sentimita nne, hata nyeusi juu ya nyeupe, hata wima, ilikata roho kwenye hatua ya ishirini, na hiyo ni bila vumbi na bila mtikisiko. Ya sentimita ishirini ilisomeka hatua mia. Tukaona pia kwamba tarakimu nene mno hujiziba matundu, na nyembamba mno huliwa na mwanga. Unene wa sehemu moja ya sita ya urefu ndio uliokubali. Na tukaona kwamba tarakimu kumi zilizofuatana kama siafu hazikai kichwani kwa pumzi mbili. Zikikatwa nne, tatu, tatu, zinakaa.

Jioni tukapima mlango. Kumi za sentimita ishirini haziingii kwenye mstari mmoja, boksi ni jembamba. Tukazipanga mistari miwili: nne juu, sita chini zikiwa tatu upande huu na tatu upande ule, ili ule ufa wa kati ya milango, pamoja na komeo lake, upite kwenye nafasi tupu na usiikate tarakimu yoyote. Na zote ziwe nusu ya juu ya mlango, mahali ambapo vumbi la Oldeani halifiki. Niliifurahia sana hesabu hiyo hadi nilipoangalia nusu ya juu ya mlango na kuona nani anakaa pale.

Nikawaambia simba haondoki. Nikawaambia tunaweza kuweka namba juu ya paa, ubavuni, popote. Supeet akasema anayemwona ubavuni ni anayepishana naye, na huyo ameshapita. Bernadina akauendea ubavu wa gari, akaupima kwa mkono. Kisha akasema simba aende ubavuni, pale atapata nafasi ya kunyoosha miguu, lakini usemi ufutwe kabisa. Nilijua anavyoupenda ule usemi, soko zima lilikuwa linamwita kwa usemi huo. Nikamuuliza kama ana uhakika.

"Fundi, jina la kuchekewa ninalo," alisema. "Nataka la kupigiwa."

Nikapaka nyeupe mgongo mzima. Siwezi kusema sikuumia. Nilipitisha brashi juu ya macho ya simba nikiwa nimefumba yangu. Rangi ya mafuta haina huruma na kalenda, nikalazimika kungoja ikauke siku mbili kabla ya kuweka nyeusi, na Hilary akapiga simu kuuliza kama mnunuzi anaweza kuja kuchukua gari hapohapo kibandani. Nikamjibu vibaya kidogo. Juu ya namba niliandika maneno mawili tu, LANCHI BOKSI. Basi. Kazi iliyo tupu kuliko zote nilizowahi kufanya, na watu wakapita wakiniuliza kama rangi ziliniishia.

Tarehe saba mwezi wa nane, siku moja kabla ya siku yenyewe, Bernadina alishuka kufuata ndizi, na alimlazimisha Hilary aende naye. Alimwambia kama gari linazikwa kesho, mume aje kwenye mazishi. Mimi nilishindwa kukaa kibandani. Supeet alikuwa anapandisha wageni wawili, mtu na mkewe, wazee wapole, akawaomba ruhusa nikae mbele upande wa kushoto, akawaambia mimi ni mtaalamu. Sikuuliza mtaalamu wa nini.

Tuliikuta kirikuu inapanda, magari mawili ya watalii yakiwa kati yetu nayo. Ilikuwa imetoka Oldeani asubuhi, na nusu yake ya chini ilikuwa nyekundu kabisa. Nusu ya juu ilikuwa nyeupe, na katikati ya weupe ule kulikuwa na tarakimu kumi nyeusi. Kila kona ilipojipinda na mgongo wa kirikuu kututokea, niliziona. Sikujiamini, kwa sababu nilizijua. Basi nikageuka nikawaomba wale wazee wazitaje, na Supeet akatafsiri. Bibi yule, mwenye miwani mizito, akatazama mara moja, akazitaja zote kwa Kiingereza, nne, tatu, tatu, kisha akarudi kupiga picha nyani. Nilitaka kumbusu mkono.

Halafu nikaona kwenye gari la mbele yetu mtu wa kiti cha kushoto, mwongoza watalii mwenye kofia, akiinamisha kichwa, akinyanyua, akiinamisha tena. Anaandika. Akapeleka simu sikioni. Moyo wangu ukaenda mbio kama wa mwari. Supeet akasema polepole kwamba pengine anampigia mke wake.

Dirisha la kushoto la kirikuu likafunguka. Kikatoka kichwa cha Hilary, kisha bega, kisha mkono ulioshika simu ya mkewe. Akageuka kutazama nyuma, macho yamemtoka, akiyaangalia magari moja baada ya jingine. Baadaye alinisimulia mwenyewe, na akisimulia lazima asimame. Alikuwa ameuliza ni nani anapiga, na sauti ya mtu asiyemjua ikamjibu kwamba wako nyuma yake, wana wageni kumi na wanne wanaoshuka kreta kesho, kuku au nyama? Hilary hakujua kuku au nyama. Alimuuliza Bernadina, na Bernadina hakuweza kujibu kwa sababu alikuwa anaendesha, anacheka na kulia, akijaribu kufanya yote matatu bila kutoka barabarani. Kabla hajakata, simu nyingine ikaanza kuingia. Ilikuwa ya gari la pili.

Sisi kule nyuma tukaona jambo la ajabu. Kona zilikuwa zimekwisha, barabara ilikuwa imenyooka, mstari ulikuwa umekatika na njia ilikuwa wazi ya kupita. Supeet akawasha taa ya kulia ajiandae. Kirikuu, badala ya kuongeza mwendo kama kila gari linavyofanya likimaliza mlima, ikazidi kujivuta.

Bernadina aliniambia sababu jioni ile, akiwa amejishika mbavu. Alikuwa ameshakanyaga mafuta, akitaka kufika nyumbani awahi kuchinja kuku. Hilary, mtu wa trekta, aliyekuwa ameulaani mwendo wa lile debe mwaka mzima, aliweka mkono mmoja juu ya goti la mkewe na mwingine juu ya simu.

"Taratibu, Mama Penina," alisema. "Bado wanaandika."